Kupanga kinga saji katika jengo la biashara: bodi kuu, bodi za ghorofa na bodi za mwisho

Jengo lilikuwa Mwanza, ghorofa nne juu ya maduka, limejengwa kwenye mteremko wa mawe. Kila msimu wa mvua za vuli, kinga saji za bodi za ghorofa zilikuwa zinakufa. Dirisha la kijani linageuka jekundu, fundi anaitwa, katriji inabadilishwa, na baada ya radi mbili tatu mambo yanarudi palepale. Ile ya bodi kuu, kubwa na ya bei kubwa kuliko zote, ilikuwa na miaka minne na dirisha lake bado la kijani. Mwenye jengo aliamini kwamba kinga za juu ghorofani ni feki na ya bodi kuu ndiyo nzima. Tulipofungua bodi na kupima, tuligundua kinyume chake: ile isiyokufa ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi, na zile ndogo zilikuwa zinabeba mzigo wake.

Nitatumia jengo hilo kueleza kazi nzima, kuanzia kwenye nguzo hadi kwenye soketi ya seva. Ninaposema "upande wa transfoma" nina maana ya kule umeme unakotokea, na "upande wa mashine" ni kule unakokwenda. Neno "juu" nimelikwepa makusudi, maana katika jengo la ghorofa linachanganya.

Elewa kwanza nani anaanza kushika

Kinga saji ni kifaa kinachokaa kimya volti zikiwa za kawaida, na zikipanda ghafla hufungua njia ya kupeleka mkondo kwenye ethi. Kuna aina kuu mbili za moyo wa kifaa hiki. Ya kwanza ni varista, ambayo hushikilia volti kwenye kiwango fulani wakati mkondo unapita ndani yake. Ya pili ni pengo la cheche: halifanyi chochote mpaka volti ifike kiwango chake, kisha cheche inaruka na volti inaanguka chini kabisa.

Vifaa vimegawanywa katika daraja tatu, na kwenye mwili wa kifaa utaona T1, T2 au T3 ndani ya kisanduku kidogo. T1 hupimwa kwa mpigo unaofanana na radi yenyewe, unaopanda kwa maikrosekunde 10 na kushuka hadi nusu ya kilele baada ya maikrosekunde 350. Uwezo wake huandikwa Iimp. T2 hupimwa kwa mpigo mfupi wa 8/20, na uwezo wake huandikwa In na Imax. T3 ni ya karibu na mashine, hupimwa kwa jenereta ya mpigo mchanganyiko, na hapo utasoma Uoc.

Usilinganishe kiloampea 20 za T1 na kiloampea 20 za T2. Kilele kinalingana, lakini mpigo wa 10/350 unabeba chaji ya takriban mara 20 kuliko ule wa 8/20. Duka litakuuzia T2 iliyoandikwa "40 kA" kwa maneno kwamba inazidi T1 ya 12.5. Si kweli. Mpigo mrefu wa radi utaipasua.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Saji ikiingia kwenye jengo, si lazima kinga ya bodi kuu ianze kufanya kazi. Anayeanza ni yule mwenye kiwango cha chini cha volti, na mara nyingi huyo ni yule mdogo aliye karibu na mashine. Kazi ya kupanga ngazi ni kuhakikisha kwamba yule mdogo akianza kushika, volti kwenye bodi kuu inapanda kiasi cha kumwamsha mkubwa kabla mdogo hajaungua.

Kinachopandisha volti hiyo ni urefu wa waya kati yao. Waya wa kawaida una takriban maikrohenri 1 kwa kila mita. Mkondo unapopanda haraka, kila mita inazuia, na uzuiaji huo unajumlishwa na volti iliyoko kwenye kinga ndogo:

```
U(bodi kuu) = U(kinga ndogo) + L x di/dt
```

L ni maikrohenri za waya wote, na `di/dt` ni kasi ya kupanda kwa mkondo. Chukua sehemu ya radi yenye kilele cha kiloampea 1 inayoelekea kwenye bodi ya ghorofa. Inafika kilele kwa maikrosekunde 10, yaani inapanda kwa kiloampea 0.1 kila maikrosekunde. Tuseme varista ya ghorofa inashikilia kilovolti 0.9, na pengo la cheche la bodi kuu linaruka kwenye kilovolti 1.5. Kukiwa na mita 20 za kebo, waya unaongeza kilovolti 2, na bodi kuu inaona 2.9. Cheche inaruka mapema sana na mzigo unabaki bodi kuu. Kukiwa na mita 4 tu, waya unaongeza 0.4, jumla inakuwa 1.3, na cheche hairuki. Varista ndogo itabeba kila kitu mpaka mkondo uwe mkubwa zaidi. Haifi siku hiyo, lakini inachakaa, na mipigo ya namna hiyo ndiyo iliyo mingi.

Ndiyo maana utasikia kanuni ya mita 10 kati ya T1 na T2, na mita 5 kati ya T2 na T3. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, ila ina mpaka wake. Ikiwa kinga zote mbili ni varista, waya husaidia wakati mkondo unapanda tu. Baada ya kilele mpigo unashuka polepole kwa mamia ya maikrosekunde, `di/dt` inakuwa karibu na sifuri, na waya wa mita 10 au 30 hauzuii tena chochote. Kuanzia hapo mkondo unagawanyika kulingana na volti za varista zenyewe: yenye kiwango cha chini inachukua sehemu kubwa.

Na hapo ndipo jengo la Mwanza lilipokosea. Usiku volti zilikuwa zinafika 252, na fundi wa mwanzo, kwa kuogopa, alifunga bodi kuu varista ya T1 yenye Uc ya volti 440. Ghorofani akafunga T2 za kampuni nyingine zenye Uc ya 275. Uc ni volti ambayo kifaa kinaweza kuivumilia siku zote, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo kiwango cha kushikilia kinavyopanda. Kwa hiyo mkubwa alikuwa anasubiri volti ambazo wadogo hawakuziruhusu zifike. Nia yake ilikuwa njema, na bodi kuu ilikuwa na kifaa halali chenye muhuri wa IEC 61643-11. Tatizo lilikuwa kwenye uhusiano wa vifaa, na hilo huwezi kulisoma kwenye kifaa kimoja kimoja.

Hatua ya kwanza: chora jengo kabla ya kununua

Usiende dukani na swali la "kinga saji nzuri ni ipi". Chukua karatasi, chora nguzo, kebo ya kuingia, bodi kuu, kila bodi ya ghorofa na kila bodi ya mwisho. Kwenye kila mstari andika urefu halisi wa kebo, si umbali wa kutazama kwa macho. Kebo hupanda, hupinda, huzunguka nguzo. Sisi tulipata mita 4 hadi bodi ya maduka iliyoko chumba cha pili, mita 9 hadi ghorofa ya kwanza, kisha 13, 17 na 22 hadi ghorofa ya nne.

Andika pia mfumo wa ethi. Katika jengo hili nyutro inatoka transfoma na ethi ni ya jengo lenyewe, hazikutani ndani ya bodi. Huo ni mfumo wa TT. Katika mfumo huo kinga hufungwa kwa mpango wa 3+1: vifaa vitatu kati ya kila fezi na nyutro, na pengo la cheche moja kati ya nyutro na ethi. Usifunge varista moja kwa moja kutoka fezi kwenda ethi katika TT. Ikichakaa na kuvuja, fyuzi inaweza isikatike kwa sababu ethi ina ukinzani mkubwa, na mwili wa kila mashine ndani ya jengo utapata umeme.

Kisha orodhesha kila waya unaotoka nje ya kuta: jenereta kwenye kibanda, viyoyozi vya paani, taa za geti, kamera za uani. Hawa huwa wanasahauliwa, nami nitawarudia.

Hatua ya pili: bodi kuu

Jengo lina mtego wa radi paani, wa kiwango cha tatu, unaohesabiwa kwa radi ya kiloampea 100. Kwa kawaida tunachukulia kwamba nusu inaingia ardhini kupitia ethi ya jengo, na nusu nyingine inatoka kupitia huduma za chuma zinazoingia. Hapa maji yanaingia kwa bomba la plastiki na intaneti kwa nyuzi za kioo, kwa hiyo zile kiloampea 50 zinabaki kwa waya nne za umeme tu, 12.5 kila mmoja. Hesabu hiyo ndiyo chimbuko la T1 za 12.5 unazoziona kila duka.

Lakini Mwanza ni mawe. Fimbo za ethi zilipigwa mahali zilipoingia, si mahali palipotakiwa, na kipimo kilikuwa ohmu 18. Ethi ya jengo ikiwa dhaifu kuliko ile ya upande wa transfoma, radi haigawanyiki nusu kwa nusu. Sehemu kubwa itaondoka kupitia waya za umeme. Hata tukichukua asilimia 80, ni kiloampea 80 kwa waya nne, yaani 20 kila mmoja. Tukachagua T1+T2 ya kiloampea 25 kwa kila fezi, na pengo la nyutro na ethi la kiloampea 100, kwa sababu hilo pengo la kati hupitisha jumla ya waya wote.

Kifaa hicho ni cha pengo la cheche lenye kichocheo. Up yake, yaani volti ambazo kifaa kinaahidi kutozidisha saji ikipita, ni kilovolti 1.5. Kwa Uc tulitaka isipungue volti 275, ili 252 za usiku zisiguse mpaka. Kima cha chini kabisa kwa mtandao wa 230 ni asilimia 110, yaani 253, na hapo palikuwa pamebana mno.

Angalia fyuzi. Transfoma ya hapo ni ya kVA 315, ukinzani wake wa ndani asilimia 4, kwa hiyo shoti kwenye vichwa vyake inafika karibu kiloampea 11.4. Namba ya Isccr kwenye kifaa, yaani shoti kubwa kuliko zote ambayo kifaa kinaruhusiwa kukutana nayo, lazima iizidi hiyo. Vilevile kila kifaa kina fyuzi kubwa kuliko zote inayoruhusiwa mbele yake. Chetu kiliandikwa ampea 315 gG, na breka ya kuingilia ni ya 400, kwa hiyo tulilazimika kukiwekea fyuzi zake. Usiweke ndogo kwa kudhani ni salama zaidi. Fyuzi ndogo hukatwa na mkondo wa radi yenyewe, na jengo linabaki bila kinga katikati ya mvua. Weka ile kubwa inayoruhusiwa.

Hatua ya tatu: urefu wa waya wa kinga yenyewe

Hapa nitakaa, kwa sababu nimefungua bodi nyingi na kosa hili liko karibu kila mahali.

Up iliyoandikwa kwenye kifaa inapimwa kwenye vichwa vya kifaa. Mashine haioni vichwa hivyo. Inaona Up pamoja na volti za waya unaotoka kwenye basiba kwenda fyuzi, fyuzi kwenda kifaa, na kifaa kwenda basiba ya ethi. Kwa mkondo unaopanda kiloampea 1 kwa maikrosekunde, kila mita ya waya inaongeza takriban kilovolti 1.

Kinga ya zamani ilikuwa imefungwa chini kabisa ya bodi kuu kwa sababu ndipo nafasi ilipokuwepo. Tulinyoosha tepu: sentimita 80 hadi fyuzi, 40 hadi kifaa, 90 hadi basiba ya ethi. Jumla mita 2.1. Hata ungeweka pale kifaa kipya cha kilovolti 1.5, jengo lingeona 3.6. Vifaa vya ofisi vya kawaida hujengwa kuvumilia mpigo wa kilovolti 2.5.

Kiwango kinachotakiwa ni nusu mita, jumla ya pande zote mbili. Tulihamisha kifaa kando ya basiba, na kwa kuwa basiba ya ethi ilikuwa mbali, tulifunga kipande kingine cha basiba ya ethi chini ya kifaa, tukakiunganisha na ile kuu na pia na chasi ya bodi. Jumla ikawa sentimita 45, na volti kwa hesabu ileile ni 1.95. Waya wa ethi wa T1 usipungue milimita za mraba 16 za shaba. Kwa T2, 6 zinatosha. Lakini unene hauponyi urefu. Waya wa 35 wenye mita mbili ni mbaya kuliko wa 16 wenye nusu mita.

Mafundi huniuliza kuhusu zile ohmu 18: kinga itafanyaje kazi na ethi mbovu namna hiyo? Kwa mashine zilizo ndani, kinachohesabika ni tofauti ya volti kati ya fezi, nyutro na ethi ya bodi ileile. Radi ikipiga, jengo zima linaweza kupanda volti nyingi juu ya ardhi ya nje, na mashine haitajua, mradi kila chuma ndani kimefungwa pamoja na kinapanda pamoja. Kwa hiyo pesa ya kuchimba fimbo nyingine kwenye jiwe tuliitumia kuunganisha: bomba za chuma, fremu ya lifti, trei za kebo na ethi ya mtego wa radi, vyote kwenye basiba moja. Ohmu 18 zinabadilisha mgawanyo wa mkondo, kama tulivyohesabu, na breka ya mvujo ina masharti yake juu ya ethi. Ila hazibadilishi Up.

Jambo la mwisho hapa: usifunge waya wa kinga kwenye bando moja na waya zinazokwenda kwa wateja. Mkondo wa radi kwenye waya mmoja hurukia jirani yake bila kugusana, na utakuwa umeirudisha saji kwenye upande uliokwisha kuusafisha.

Hatua ya nne: bodi za ghorofa

Swali la kwanza kwa kila ghorofa ni kama kinga ya bodi kuu haitoshi. Kwa mashine iliyo ndani ya mita 10, volti halisi iliyohesabiwa pamoja na waya inatakiwa isizidi asilimia 80 ya uvumilivu wa mashine, yaani kilovolti 2 kwa vifaa vya 2.5. Zaidi ya mita 10, saji hugonga mwisho wa kebo na kurudi, na volti inaweza kufika mara mbili, kwa hiyo unatakiwa uwe chini ya nusu: kilovolti 1.25. Bodi kuu yetu inatoa 1.95. Kwa maduka yaliyo jirani inatosha, kwa shida. Ghorofani haitoshi.

Kwa hiyo bodi ya maduka, ile ya mita 4, tuliiondolea kinga yake kabisa. Mwenye jengo hakupenda, aliona kama tunapunguza ulinzi. Nilimwonyesha hesabu ya 1.3 dhidi ya 1.5 niliyoiandika hapo juu, na katriji tatu zilizokufa, zote zikitoka bodi hiyo. Kinga isiyo na waya wa kutosha nyuma yake inajitolea mahali pa bodi kuu. Kama kungekuwa na mashine ya thamani hapo, tungetumia T2 ya mtengenezaji yuleyule wa T1+T2, ambayo kwenye karatasi yake ameandika wazi kwamba inafanya kazi na kifaa cha bodi kuu bila umbali wowote. Maandishi hayo ndiyo yanayohesabika. Neno la muuzaji halitoshi.

Ghorofa za kwanza hadi ya nne tulifunga T2 za mtengenezaji huyohuyo, In kiloampea 20, Imax 40, Up 1.25, Uc sawa na ya bodi kuu. Hapo pana sheria fupi ya kukumbuka: Uc ya upande wa mashine isiwe ndogo kuliko ya upande wa transfoma. Ghorofa ya kwanza iko mita 9, karibu na mpaka, na karatasi ya mtengenezaji iliruhusu. Waya wa kila kinga tuliufupisha hadi sentimita 30, kwa kuingiza kebo kwenye kichwa cha kinga na kuitoa kichwa kilekile kwenda basiba. Mtindo huo huondoa urefu wa upande wa fezi karibu wote. Unawezekana pale tu mkondo wa kawaida hauzidi uwezo wa vichwa vya kifaa. Hapa ghorofa ina ampea 63, kwa hiyo hakuna shida, lakini kwenye bodi kuu ya 400 usijaribu.

Uingizaji huo una gharama yake: kinga ikipata shoti, breka ya ghorofa inakata na ofisi zote zinazimika. Ukiiwekea fyuzi zake pembeni, ghorofa inabaki na umeme lakini bila kinga, na hakuna atakayejua. Kwa ofisi za kawaida tulichagua kuzimika. Kwa ghorofa ya nne yenye chumba cha seva tulichagua fyuzi za pembeni, tukaunganisha kikontakti cha tahadhari cha kinga na taa nyekundu mezani kwa mlinzi.

Kinga ikae upande wa transfoma wa breka ya mvujo. Ukiiweka upande wa mashine, kila radi ya mbali itakata breka hiyo, na mkondo wa saji unapita kwenye koili yake.

Hatua ya tano: bodi za mwisho na mashine zenyewe

T3 si za kila soketi. Tulizifunga mahali mawili: kabati la seva ghorofa ya nne, lililo mita 18 kutoka bodi ya ghorofa, na mitambo ya udhibiti wa lifti. T3 ikae ndani ya mita 5 za mashine, na isiwe chini ya mita 5 kutoka T2 isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Ya kabati la seva ina Uoc ya kilovolti 6 na Up ya kilovolti 1 kati ya fezi na nyutro.

Tahadhari na ekstensheni zenye maandishi ya "surge" zinazouzwa mitaani. Ndani mna varista moja ndogo isiyo na namba, na ikiwa kiwango chake ni cha chini kuliko vyote, itaanza kushika kabla ya T2. Tuliziondoa nne chini ya meza za ghorofa ya pili. Moja ilikuwa imeyeyuka kando.

Pia usiilinde seva kwa upande mmoja. Kebo ya mtandao ya shaba inayotoka kamera ya uani inaleta saji yake, na ethi ya T3 ikipanda, tofauti inatokea kati ya umeme na mtandao ndani ya mashine moja. Kinga ya kebo ya mtandao ifungwe kando ya T3 na zitumie ethi moja, kwa waya mfupi.

Hatua ya sita: milango ya nyuma

Ngazi tatu nilizoeleza zinadhani saji inaingia kwa mlango mmoja. Kebo ya kiyoyozi cha paani inatoka bodi ya ghorofa ya nne, inakwenda mahali radi inapotua, na inaweza kurudisha mkondo ndani kinyume, moja kwa moja kwenye bodi ambayo ina T2 tu. Kama kiyoyozi kimo chini ya mwavuli wa mtego wa radi na hakigusani nao, T2 inatosha pale kebo inapotoboa paa. Kama fremu yake imefungwa kwenye mtego huo, unahitaji T1 hapo. Tulivikuta viwili kati ya sita vimefungwa kwa waya wa chuma kwenye nguzo ya mtego, labda ili visiyumbe. Tuliviachanisha kwa umbali uliohesabiwa, tukaepuka gharama ya T1 paani.

Jenereta iko mita 15 nje. Kinga ya bodi kuu imewekwa baada ya chenji ova, hivyo inahudumia vyanzo vyote viwili, na pale kebo ya jenereta inapoingia ukutani tuliongeza T2.

Hatua ya saba: kupima na kukabidhi

Kabla ya kupiga mega kwenye jengo, chomoa katriji zote. Volti 500 za moja kwa moja zinaweza kuamsha varista na pengo la nyutro, utasoma insulesheni mbovu isiyokuwepo, na fundi anaweza kubomoa dari kutafuta kosa. Ukimaliza, zirudishe kila moja mahali pake. Katriji ya nyutro na ethi si sawa na za fezi hata kama zinafanana rangi.

Kisha pima kwa tepu waya wa kila kinga, uandike namba ndani ya mlango wa bodi: urefu, aina ya kifaa, Uc, fyuzi, tarehe. Fundi atakayekuja baada yako atabadilisha katriji kwa kile atakachokipata dukani isipokuwa mlango umemwambia vingine, na Uc moja tofauti inatosha kuvuruga mpangilio wote.

Dirisha la kijani lisome kwa akili. Linakwambia kifaa hakijafa, halikwambii kimewahi kufanya kazi. Ndiyo sababu tulifunga kihesabu saji kwenye waya wa ethi wa bodi kuu, na kingine ghorofa ya nne. Mpangilio ukiwa sawa, cha bodi kuu kinasogea na cha ghorofa kinasogea kidogo au kinabaki. Ukiona cha ghorofa kinakimbia na cha bodi kuu kimesimama, rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo.

Na ukiona kinga zote za jengo zimeungua siku moja bila radi, usilaumu mpangilio. Kagua nyutro. Nyutro ikilegea kwenye nguzo, fezi moja inaweza kukaribia volti 400 kwa dakika nyingi, na hakuna kinga saji iliyotengenezwa kubeba hilo. Kazi hiyo ni ya rilei ya kukata volti zikizidi, na kwa jengo la Mwanza tuliifunga mwaka huohuo.

Vuli iliyofuata, kihesabu cha bodi kuu kilisoma 9. Cha ghorofa ya nne kilisoma 1. Hakuna katriji iliyobadilishwa.